Picha 24 Kati ya Thika na Ruiru

Masomo mengi ya kutambua picha za kuchezewa yana kasoro moja: kila picha inayoonyeshwa darasani ni bandia. Mwanafunzi hugundua upesi kwamba jibu linalotakiwa ni "hii ni ya uongo", na akitoka nje anaikana hata picha ya kweli. Mpango ninaoupendekeza unahitaji shule mbili, moja Thika na nyingine Ruiru, kila moja ikiwa na walimu wawili waliokubali sura zao zibadilishwe.

Nasisitiza walimu, wala si wanafunzi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ya uso wake ni data. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Mwalimu mtu mzima anaweza kujiamulia, ila naye apewe fomu inayosema wazi kwamba sura yake itabandikwa kwa mwenzake, itaonekana katika shule zote mbili, itafutwa tarehe fulani, na kwamba anaweza kujiondoa wakati wowote. Asiombwe na mwalimu mkuu mbele ya wenzake, kwa maana hapo kukataa ni vigumu.

Walimu hao wawili wapigwe picha kadhaa wakiwa karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande uleule. Kazi ya kubadilisha ifanywe kwenye GIMP, programu ya bure isiyohitaji intaneti, kwani programu nyingi za simu hupeleka uso wa mtu kwenye kompyuta za kampuni asiyoijua. Kata sehemu iliyo kati ya nyusi na kidevu, ibandike juu ya uso wa mwenzake, lainisha ukingo, kisha linganisha rangi. Kila shule itayarishe picha 12: 6 zilizobadilishwa na 6 zisizoguswa.

Namna ya kutengeneza ndiyo inayomwonyesha mwanafunzi pa kutazama. Kilichohamishwa ni katikati ya uso tu. Nywele, masikio na shingo vimebaki vya mwenye mwili. Kwa hiyo jicho lifuate mpaka: rangi ya taya inalingana na ya shingo? Mkono wa miwani unafika sikioni au umekatika njiani? Kivuli cha pua kinaelekea upande mmoja na cha kidevu? Programu za kubadilisha nyuso kwenye video pia hugusa zaidi sehemu hiyohiyo, na ndiyo maana huweza kuyumba mtu anapogeuza kichwa kabisa au kupitisha kiganja mbele ya uso.

Siku ya kwanza wanafunzi wapime picha za walimu wao wenyewe. Siku ya pili shule zibadilishane, wapime za walimu wasiowajua. Natarajia alama zishuke, kwa sababu siku ya kwanza wengi hutambua mtu kabla ya kuona dosari. Na video nyingi zinazotufikia ni za watu ambao hatujawahi kuketi nao.

Alama zihesabiwe pande mbili. Tuseme mwanafunzi amezikamata bandia zote 6, lakini pia ameziita bandia 4 kati ya zile halisi. Ana 8 kwa 12, na bado hajajifunza kutambua, amejifunza kushuku. Makosa ya kukana ukweli yaandikwe kwenye safu yake.

Kisha mwalimu azihifadhi picha zilezile kwa JPEG ya ubora wa 20 na kuzionyesha tena. Ukingo uliokuwa ukionekana utafifia. Ndivyo inavyokuwa kwa picha iliyohifadhiwa na kutumwa upya mara nyingi, na hapo kukosa dosari hakuthibitishi lolote.

Ndipo litajwe tukio la kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017, zilipoenea video mbili zilizofanywa zionekane kama taarifa za BBC na CNN kuhusu kura ya maoni ya urais. Kuchunguza taya za mtangazaji hakukuwa njia ya kumaliza ubishi. Mashirika yenyewe yalizikana. Swali lililofaa lilikuwa: je, taarifa hii ipo kwenye chombo kinachotajwa? Wanafunzi wajaribu kwa kutafuta picha moja kwa Google Lens na kuona imewahi kutokea wapi, lini. Picha hiyo isiwe ya wale walimu waliojitolea, maana idhini yao haifiki kwenye intaneti.

Mwalimu wa Thika au Ruiru anayetaka kuanza, aanze na fomu ya idhini kabla ya kugusa kamera, na siku iliyoandikwa humo ikifika, afute faili zote mbele ya wenye sura.