Aya ya Nne ya Barua ya Ajira

Barua nyingi za ajira Tanzania zinafanana. Kwanza mwajiriwa anafahamishwa kwamba maombi yake yamekubaliwa, kisha anatajiwa cheo, kituo cha kazi na tarehe ya kuripoti. Mshahara unakuja katikati, mara nyingi kwa sentensi moja ndefu, halafu zinafuata aya za likizo, nidhamu na namna ya kuvunja mkataba. Mwajiriwa akishaona tarakimu anakunja barua na kuwapigia simu wa nyumbani. Mhasibu wa mishahara ndiyo kwanza anaanza kazi. Kutoka kwenye sentensi ile moja anapaswa kupata kila kitakachoingizwa kwenye mfumo wa mishahara, nacho ndicho kitakachomlipa mtu huyu mwezi baada ya mwezi bila mtu mwingine kuirudia barua.

Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza chuo na kuajiriwa kuwa mhasibu msaidizi katika kiwanda binafsi cha kukamua alizeti. Barua yake imeandikwa tarehe 20 Februari 2025, na aya ya nne inasema hivi: “Utalipwa Sh 1,000,000 kwa mwezi, ikijumuisha posho ya nyumba ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi na posho ya usafiri Sh 80,000. Utapewa posho ya simu Sh 30,000 baada ya kuthibitishwa kazini. Makato yote ya kisheria yatazingatiwa. Muda wa majaribio ni miezi sita kuanzia siku utakayoripoti.”

Tarakimu inayoonekana kwanza ni milioni moja, na kosa la kawaida kuliko yote ni kuiingiza kama mshahara wa msingi. Barua haikusema hivyo. Imesema milioni moja ni jumla, na posho mbili zimo ndani yake. Mshahara wa msingi haukutajwa popote, kwa hiyo lazima utafutwe. Ondoa kwanza posho ya usafiri, Sh 80,000, zinabaki Sh 920,000. Kiasi hicho ni mshahara wa msingi pamoja na asilimia 15 yake, yaani asilimia 115 ya mshahara wa msingi. Gawanya 920,000 kwa 1.15, unapata Sh 800,000. Asilimia 15 ya 800,000 ni Sh 120,000. Jumlisha 800,000, 120,000 na 80,000, na milioni moja ya barua inarudi kamili. Kujumlisha tena namna hii ndiko kunakomhakikishia mhasibu kwamba ameisoma sentensi sawasawa, na sioni sababu ya kukuruka hata siku barua zimerundikana mezani.

Sasa tuone kwa nini laki nane isichanganywe na milioni. Kijana wetu alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye 800,000 anakatwa Sh 120,000. Mhasibu akiwa ameingiza milioni kama mshahara wa msingi, mfumo utamkata Sh 150,000, na kila mwezi kijana atapungukiwa Sh 30,000 bila mtu yeyote kuwa amekusudia. Mshahara wa msingi unatumika kwingine pia. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kiinua mgongo cha kuachishwa kazi ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka kumi. Tarakimu iliyoingizwa vibaya siku ya kwanza inaweza kukaa kimya miaka mingi, ikaja kuleta ugomvi siku mtu anaondoka.

Maneno “makato yote ya kisheria yatazingatiwa” ni mafupi, lakini ndiyo yenye kazi kubwa zaidi katika aya hii. Barua haitaji makato yoyote kwa jina, na haina haja, kwa sababu yanatoka kwenye sheria. Mhasibu ndiye anayeyafungua moja moja. Kwa sekta binafsi upo mchango wa NSSF, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 kwa mfanyakazi na asilimia 10 kwa mwajiri, ukikokotolewa kwenye jumla ya malipo kabla ya makato. Kwa kijana wetu ni Sh 100,000. Kodi ya mapato hukokotolewa baada ya mchango huo kuondolewa, kwa hiyo inatozwa kwenye Sh 900,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, kipato cha kati ya Sh 760,000 na milioni moja hutozwa Sh 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Hapa kinachozidi ni 140,000, robo yake ni 35,000, na kodi yote inakuwa Sh 103,000. Ondoa NSSF, kodi na mkopo kutoka kwenye milioni moja, mkononi zinabaki Sh 677,000.

Deni la Bodi ya Mikopo halikuandikwa popote kwenye barua. Mhasibu amelijua kwa sababu fomu ya taarifa binafsi inaonyesha mwajiriwa ana shahada, na mwajiri anawajibika kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 anapoajiri mhitimu. Kwa hiyo barua peke yake haitoshi, inabidi isomwe sambamba na fomu hiyo. Lipo pia kosa la upande wa pili. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na tozo ya kuendeleza ufundi stadi vinaonekana kwenye hesabu za mishahara za kila mwezi, lakini vyote viwili ni mzigo wa mwajiri. Ukiviona kwenye safu ya makato ya slipu yako, una haki ya kuuliza.

Posho ya simu inafundisha jambo jingine. Kiasi chake kinajulikana, Sh 30,000, lakini hakilipwi mpaka sharti litimie. Mhasibu mwenye haraka huiwekea tarehe: kijana akiripoti Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, miezi sita inaisha tarehe 9 Septemba, basi posho ianze siku inayofuata. Barua haikusema “baada ya miezi sita”. Imesema baada ya kuthibitishwa, na kuthibitishwa kunahitaji uamuzi wa mwajiri, ambao kwa kawaida huja kwa barua nyingine. Muda wa majaribio ukiongezwa, mfumo uliowekewa tarehe utaanza kulipa pesa isiyostahili, kisha itatafutwa njia ya kuirudisha. Kinachotakiwa kuandikwa kwenye kumbukumbu ni sharti lenyewe, na posho ifungwe mpaka barua ya kuthibitishwa ifike.

Mshahara wa mwezi wa kwanza nao una utata wake. Aliyeripoti tarehe 10 Machi amefanya kazi siku 22 kati ya 31 za kalenda. Ukihesabu kwa kalenda, sehemu yake ya milioni ni karibu Sh 709,700. Ukihesabu siku za kazi kwa wiki ya siku sita, ni siku 19 kati ya 26, karibu Sh 730,800. Barua haijasema njia ipi itumike. Hapo mhasibu anafuata kanuni za malipo za kampuni yake, na zisipokuwepo anamuuliza ofisa utumishi na kuhifadhi jibu kwa maandishi, maana mwajiriwa wa mwezi ujao lazima apigiwe hesabu kwa njia ileile.

Serikalini sura ya barua ni tofauti kidogo. Mtumishi hutajiwa ngazi ya mshahara, kwa mfano TGS D kwa watumishi wa kada za jumla au TGTS kwa walimu. Herufi inayofuata inaonyesha daraja, na namba baada ya nukta, kama D.1, inaonyesha hatua ndani ya daraja hilo, ambayo husogea kwa nyongeza ya mwaka. Shilingi zikitajwa, zinatoka kwenye waraka wa mishahara uliokuwa ukitumika siku barua ilipoandikwa. Waraka mpya ukitoka tarakimu inapitwa na wakati, ila daraja linabaki. Ndiyo maana vyote viwili vinanakiliwa. Vikipingana, daraja likisema hivi na shilingi zikisema vingine, mhasibu hachagui anachoona kina mantiki. Anairudisha barua kwa aliyeitoa. Na makato hayanakiliwi kutoka sekta moja kwenda nyingine: mtumishi wa umma anachangia PSSSF asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 15, kwa hiyo aliyehama kutoka kiwanda kwenda halmashauri hawezi kuendelea na mpangilio wake wa NSSF.

Nikirudi kwa kijana wa kiwandani, jambo ninalolisisitiza zaidi ni namna ya kuitunza ile posho ya nyumba. Wengi huandika Sh 120,000 na kuendelea na barua nyingine. Tarakimu hiyo ni sahihi leo, lakini mwajiri hakuahidi Sh 120,000. Aliahidi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mwakani anapandishwa cheo, na barua mpya inasema tu: “Mshahara wako wa msingi utakuwa Sh 900,000. Masharti mengine yatabaki kama yalivyo.” Sharti la asilimia 15 limebaki, kwa hiyo posho ya nyumba inapanda yenyewe mpaka Sh 135,000. Posho ya usafiri haipandi, kwa sababu iliandikwa kwa kiasi. Ukiacha posho ya simu, jumla yake mpya ni Sh 1,115,000. Mfumo uliohifadhi 120,000 utalipa Sh 1,100,000, na kwa kuwa mshahara umeongezeka, kijana atafurahi na hataona kwamba Sh 15,000 hazipo.

Kwa hiyo kila kipengele kinachotolewa kwenye barua kinaandikwa pamoja na kiasi au kanuni yake, inakokotolewa kwenye nini, inaanza lini, kwa sharti gani, na maneno yenyewe ya barua kama yalivyo, na tarehe ya barua hiyo. Maneno ya barua yanachosha kunakili, lakini bila hayo anayekagua miaka mitatu baadaye ataona tarakimu tu, asijue ilitoka wapi.

Wewe uliyeajiriwa unaweza kufanya kipimo kilekile jioni moja. Weka barua zako zote kwa mfuatano wa tarehe, ya kwanza, ya kuthibitishwa, ya kupandishwa, kisha slipu ya mwezi uliopita pembeni. Anza na mshahara wa msingi, uone kama ni ule wa barua ya mwisho iliyoutaja. Halafu kila posho iliyoandikwa kwa asilimia ikokotoe upya kutoka kwenye mshahara huo mpya. Ikitofautiana na slipu, nenda kwa mhasibu na barua yenyewe mkononi, umwonyeshe aya.