Nyumba Ikiuzwa, Mpangaji Huhama Lini?

Mwenye nyumba mmoja wa Bamburi, Mombasa, aliniletea simu yake nisome ujumbe aliomtumia mpangaji wake: "Nimepata mteja wa nyumba. Una siku 30 uhame." Alitaka kujua kama hapo amemaliza kazi. Nilimwambia bado, kwani kuna mambo mawili aliyoyachanganya, na wengi huyachanganya.

La kwanza ni kudhani kwamba kuuza nyumba kunavunja upangaji. Hapa Kenya hakuvunji. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinautambua upangaji wa kulipia mwezi kwa mwezi, na hata mikataba mifupi isiyozidi miaka miwili, kuwa haki inayoifuata ardhi popote iendapo, ijapokuwa haikuandikwa kwenye sajili. Anayenunua nyumba yenye mpangaji ananunua na mpangaji wake. Kinachoumaliza upangaji ni notisi iliyotolewa sawasawa, iwe imetolewa na muuzaji au na mnunuzi baada ya kuwa mmiliki.

La pili ni hizo siku 30. Mpangaji huyu hakuwa na mkataba wa maandishi. Alikuwa akilipa shilingi 35,000 kila tarehe 1. Upangaji wa namna hii unasimamiwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012: usipoandika muda, muda wake unahesabiwa kwa kipindi cha malipo ya kodi. Kodi ikilipwa kwa mwezi, notisi haiwezi kupungua mwezi mmoja. Kisha sheria inaongeza sharti ambalo watu hulisahau, kwamba notisi lazima iishie siku ambayo kodi hulipwa.

Tuihesabu. Ujumbe ulitumwa tarehe 12 Machi. Mwezi kamili unaishia tarehe 12 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Mei, na hapo ndipo notisi inapoweza kuishia kihalali. Mwenye nyumba alidhani amempa mpangaji mwezi mmoja, kumbe sheria ilimdai zaidi ya mwezi na nusu. Angeipeleka notisi mwishoni mwa Februari, mpangaji angepaswa kuhama tarehe 1 Aprili.

Tarehe 1 Mei ilikuwa na faida nyingine isiyoandikwa kwenye sheria yoyote: likizo ya shule ya Aprili ilikuwa imo katikati. Mpangaji alikuwa na watoto wawili wa shule ya msingi. Kumtoa katikati ya muhula si kosa la jinai, lakini mpangaji aliyebanwa hivyo ndiye atakayeng'ang'ania, na kung'ang'ania kwake kutamgharimu muuzaji zaidi ya mwezi mmoja wa subira. Kwa maoni yangu, familia iliyokaa miaka mingi ipewe miezi miwili, na mwenye nyumba aipange notisi mapema ili aweze kuipa muda huo.

Mbona wauzaji huwa na haraka? Jibu limo kwenye makubaliano ya uuzaji. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei wakati wa kutia saini, na salio hulipwa siku ya kukamilisha, ambayo mara nyingi huwekwa siku 90 baadaye. Mnunuzi akitaka kuishi mwenyewe, makubaliano yatasema akabidhiwe nyumba ikiwa tupu. Mwenye nyumba wa Bamburi alitia saini tarehe 10 Machi, kwa hiyo siku yake ya kukamilisha ilikuwa tarehe 8 Juni. Mpangaji akihama tarehe 1 Mei, zinabaki wiki tano za kupaka rangi na kulipa bili za maji na stima. Lakini muuzaji akilala, atoe notisi tarehe 5 Mei, mwezi unaishia tarehe 5 Juni, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Julai. Tarehe 8 Juni inafika, mnunuzi anakuja na pesa zake, na mpangaji bado anakaanga samaki jikoni. Anayevunja makubaliano hapo ni muuzaji, si mpangaji.

Kukiwa na mkataba wa maandishi wa muda maalumu, kwa mfano miaka miwili, hesabu hii haitumiki. Tafuta kwanza kipengele kinachomruhusu mwenye nyumba kuuvunja kabla ya wakati. Kisipokuwepo, mpangaji anakaa hadi mkataba uishe, na anayetaka aondoke mapema inabidi aketi naye wapatane, pengine kwa kumlipia gharama za kuhama.

Duka ni habari nyingine kabisa. Mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria ya Sura ya 301. Notisi yake ni ya miezi miwili au zaidi, katika fomu rasmi, na lazima itaje sababu mojawapo kati ya zilizoorodheshwa humo, kama vile kulimbikiza kodi, kutaka kubomoa au mwenye jengo kutaka kulitumia mwenyewe. Kuuza hakumo kwenye orodha hiyo. Mpangaji akiipinga notisi mbele ya baraza la mizozo ya majengo ya biashara kabla haijaanza kutumika, haimtoi mpaka baraza liamue.

Turudi Bamburi. Niliuweka kando ule ujumbe wa simu, tukaandika barua siku iyo hiyo:

"Nyumba unayoishi inauzwa. Upangaji wako wa mwezi kwa mwezi utakwisha tarehe 1 Mei, na nakuomba uikabidhi nyumba siku hiyo au kabla. Kodi ya Aprili italipwa kama kawaida. Depoziti yako ya shilingi 35,000 nitakurudishia mimi siku ya kukabidhi funguo, baada ya kukagua nyumba pamoja. Wanaotaka kuiona nyumba watakuja kwa miadi tutakayokubaliana."

Barua ilitolewa nakala mbili, na mpangaji akaitia moja saini na tarehe ya kuipokea. Angekataa kutia saini, ingepelekwa mbele ya shahidi. Sentensi ya depoziti ina kazi kubwa. Muuzaji akishapokea salio lake, aghalabu mpangaji hutupwa huku na huku: mnunuzi anasema hakupewa depoziti, muuzaji anasema nyumba si yake tena. Mpangaji anayebaki ndani chini ya mmiliki mpya adai kuambiwa kwa maandishi ni nani anayeishika depoziti yake.

Mpangaji naye asikose. Kuacha kulipa kwa kusema "depoziti itafidia" kunampa mwenye nyumba deni la kumdai na sababu ya kumtumia dalali wa kukamata mali. Akipewa notisi fupi, ajibu kwa barua na aitaje tarehe iliyo sahihi. Akifungiwa mlango au kung'olewa mabati kabla ya tarehe hiyo, aende mahakamani kuomba amri ya kurudishwa ndani. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa kwa mikono yake. Na akija mtu akijiita mmiliki mpya, asimlipe mpaka aone barua ya mmiliki wa zamani inayomwelekeza kulipa huko, au matokeo ya upekuzi rasmi wa sajili ya ardhi yanayoonyesha jina limekwisha kubadilika. Kabla ya hapo, kodi ni ya yule yule aliyempangisha, hata kama makubaliano ya uuzaji yametiwa saini mara mia.