Mwinyi Avaa Joho la Mfalme

Paka wangu Mwinyi ana rangi ya chungwa yenye milia, kifua cheupe, na sikio la kushoto lililochanika katika ugomvi wa usiku. Nilitaka picha yake ya kifalme, ya mtindo wa zile za rangi ya mafuta zinazoning'inia kwenye makasri ya Ulaya, kwa kutumia programu ya akili mnemba inayochora kwa kufuata maneno. Agizo langu la kwanza lilikuwa hili:

```
a cat as a king, royal oil painting
```

Niliandika kwa Kiingereza kwa sababu programu nyingi za namna hii zimefunzwa kwa picha ambazo maelezo yake mengi ni ya Kiingereza. Alitoka paka wa kijivu, mnene, mwenye taji kichwani na fimbo mkononi. Naam, mkononi: vidole vitano vya binadamu. Masikio yote mawili yalikuwa mazima. Alipendeza, lakini hakuwa Mwinyi.

Kosa lilikuwa langu. Programu hiyo haijui ninachokiwaza; inachojua ni vitu gani huandamana na neno fulani katika picha ilizofunzwa. Ukisema "mfalme" tu, inakupa wastani wa wafalme wote, yaani taji, fimbo na mkono wa kuishika. Basi nikaona heri nimwangalie mfalme mmoja.

Nikamchagua Louis wa 14 wa Ufaransa, kama alivyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701. Picha hiyo iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na kimo chake kinakaribia mita 2.8. Taji limo, ila halipo kichwani, limewekwa kando. Ufalme wenyewe umebebwa na mambo mengine: joho zito la buluu lenye maua ya dhahabu, ambalo ndani yake ni manyoya meupe yenye vidoto vyeusi, pazia jekundu lililokunjwakunjwa juu, nguzo ya mawe nyuma, na mwili uliogeuzwa upande huku macho yakikutazama wewe. Rigaud alikuwa na wasaidizi karakanani waliomchorea mavazi ya wateja wake, kwa hiyo kuketisha uso wa mtu katika vazi lililotengenezwa na mkono mwingine si jambo lililoanza na kompyuta.

Nikaandika upya. Nilianza na paka, kisha vazi, kisha chumba na mwanga. Neno "mfalme" nikaliacha kabisa.

```
oil painting of a seated ginger tabby cat, white chest,
torn left ear, natural cat paws, blue velvet cloak lined
with ermine, red curtain and stone column behind,
soft light from upper left, dark room,
French court portrait, around 1700
```

Safari hii Mwinyi alianza kujitokeza, na kasoro mpya zikaja naye. Vidoto vyeusi vya manyoya ya joho vilimrukia kifuani. Rangi na alama huvuja hivyo, kwa kuwa programu haitenganishi vizuri sifa ya kitu kimoja na ya jirani yake. Nililitoa neno `ermine` nikaweka `white fur lining`, kifua kikarudi cheupe. Taji nalo lilichungulia tena. Nikaongeza `no crown`, likazidi kung'aa! Programu nyingi hushika neno "taji" na kulipuuza lile la kukataa. Baadhi zina kisanduku cha pembeni cha kuandika usivyovitaka, na hapo ndipo pa kuliweka. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na mchirizi kama sahihi ya mchoraji, usiosomeka. Si sahihi ya mtu. Picha nyingi zilizotumika kuifunza programu zina sahihi pembeni, nayo inaiga. Niliukata.

Sikio ndilo lililonitoa jasho. Maneno peke yake yalilichana mara la kulia, mara yote mawili. Mwishowe nilipakia picha halisi ya Mwinyi, iliyopigwa karibu na dirisha, mwanga ukitokea kushoto kama nilivyoomba kwenye agizo. Ukitumia picha ya mwanga mkali wa kamera usoni, uso hubaki bapa na vazi huwa na vivuli, na jicho hugundua mara moja kwamba kichwa kimebandikwa.

Nilipokwenda kuichapisha nilikutana na mpaka mwingine. Picha ilikuwa na pikseli 1024 kila upande. Kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi, hiyo ni chini ya sentimita 9. Kuna programu za kuikuza, lakini hujazia kwa kubahatisha, na sharubu ndizo huharibika kwanza: huungana na mwanga wa nyuma au kuongezeka idadi. Niliridhika na nukta 150, ikatoka ya sentimita 17, nikaitia fremu.

Jirani aliiona ukutani, akasogea, akalitazama sikio.

"Huyu si yule mwizi wa dagaa zangu?"