Gauni la mama anayenyonyesha: faida imo kwenye mwanya

BUSWELU, Mwanza. Mfanyabiashara wa nguo anayetafuta bidhaa ya kuuza katika miezi ya jua kali kabla ya mvua za vuli anaweza kuitazama nguo ya mama anayenyonyesha. Ni soko dogo lakini halikauki, kwa kuwa mama hushauriwa kuendelea kunyonyesha hadi mtoto afikishe miaka miwili au zaidi. Hata hivyo, ni soko linalomwadhibu haraka anayeliingia bila kujua mahali pesa inapopotelea.

Kwa mama anayekaa nyumbani, khanga begani inatosha, na hakuna sababu ya kumuuzia kitu kingine. Mteja wa kweli ni yule anayetoka. Buswelu ndiko yaliko makao ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, hivyo kuna watumishi wa ofisini pamoja na akina mama wenye meza za biashara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Mama huyo anahitaji gauni la heshima ambalo halimlazimu kulipandisha kutoka chini.

Mshindani wa kwanza ni shati la mtumba lenye vifungo mbele, linalopatikana Mlango Mmoja mjini Mwanza. Ni rahisi, lakini vifungo huhitaji mikono miwili wakati mkono mmoja umembeba mtoto, na vikifunguka kifua chote kinabaki wazi. Wa pili ni gauni lenye zipu mbili zilizofichwa kwenye mshono. Hilo hupendeza likiwa jipya, ila kitambaa chepesi hunaswa na meno ya zipu, na zipu isiyofunikwa vizuri humkwaruza mtoto shavuni.

Upo mtindo wa tatu usiohitaji kununua kitu chochote cha ziada. Sehemu ya mbele ya gauni hukatwa vipande vitatu, kimoja cha kati na viwili vya pembeni. Kila kipande cha pembeni huongezewa sentimita 8 ili kiingie chini ya kile cha kati. Vipande hushonwa pamoja juu na chini, na katikati huachwa mwanya wa sentimita 20 hadi 25 kila upande, unaoanzia vidole vitatu hivi juu ya chuchu. Mama huingiza mkono chini ya ukingo na kuusogeza kando, na akimaliza kitambaa hurudi chenyewe. Kwa kuwa kitambaa kinapandana kwenye ukanda mwembamba tu, gauni haliwi zito kama lile la tabaka mbili kifua kizima, ambalo huhifadhi joto na jasho.

Mtindo huu una ubovu wake. Fundi anayebana kitambaa na kupandanisha sentimita 3 au 4 tu atatoa gauni linaloachama mama anapoinama. Pia ncha za mwanya huchanika zisipopigwa mshono wa kurudia mara mbili au tatu. Njia ya kupima ni rahisi. Mteja aketi, apakate mfuko wa unga wa kilo 5 kwa mkono mmoja, kisha afungue na kufunga kwa mkono wa pili. Halafu asimame na kuinama kama anayenyanyua ndoo. Kifua kikionekana, dawa ni kuongeza upana wa kupandana. Kufupisha mwanya si dawa, kwa kuwa kichwa cha mtoto kitakosa nafasi.

Vipimo vya kifua navyo vichukuliwe kabla mama hajanyonyesha, matiti yakiwa yamejaa, kisha iongezwe nafasi ya sentimita 8 hadi 10. Aliyepimwa baada ya kunyonyesha atarudi akilalamika kuwa nguo inabana.

Upande wa kitambaa, pamba nyepesi ndiyo inayofaa kwa joto, maana inanyonya jasho na kupitisha hewa. Shida ni kwamba vipo vitenge vya poliesta vinavyofanana na pamba kwa macho. Mnunuzi achomoe nyuzi chache za ukingoni na kuziwasha. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha donge jeusi gumu. Kipimo cha tone la maji hakiaminiki dukani, kwa sababu hata pamba halisi yenye wanga hukataa maji mpaka ifuliwe.

Rangi ipimwe kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kitenge. Kikitoka na rangi, kiachwe, kwani mtoto atakinyonya. Maua mengi huficha unyevu wa maziwa kuliko rangi moja iliyopauka. Mteja aambiwe kuwa doa la maziwa huoshwa kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa maji ya moto huligandisha.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mtu aweke bei za sokoni kwake. Kitenge cha yadi 6 kimenunuliwa Sh. 24,000 na kinatoa magauni mawili, hivyo kitambaa cha gauni moja ni Sh. 12,000. Uzi ni Sh. 1,000 na ufundi Sh. 10,000. Gharama yote ni Sh. 23,000. Likiuzwa Sh. 30,000, faida ni Sh. 7,000, na kwa magauni kumi ni Sh. 70,000.

Gauni hilo hilo likitiwa zipu mbili za Sh. 1,000 kila moja na nyongeza ya ufundi ya Sh. 3,000, gharama hufikia Sh. 28,000. Kwa bei ile ile, magauni kumi yanaleta Sh. 20,000 tu. Mawili yakirudishwa kubadilishwa zipu moja moja kwa Sh. 4,000, kinachobaki ni Sh. 12,000.

Lakini hata mwenye mtindo wa mwanya anaweza kuangukia hapo hapo. Tuseme hakufua kitambaa kabla ya kukata, na magauni mawili yaliyosinyaa yakamkalia dukani. Atauza manane kwa Sh. 240,000 huku ametumia Sh. 230,000. Faida ya Sh. 70,000 imekuwa Sh. 10,000.

Kinga yake ni kupima mita moja ya kitambaa, kuweka alama, kukifua, kukikausha na kupima tena. Alama zikisogea sentimita 4, kifua cha sentimita 110 kitapungua kwa zaidi ya sentimita 4, ambayo ni karibu nusu ya nafasi aliyoachiwa mama. Kitambaa chote kifuliwe na kukaushwa kabla ya mkasi kukigusa.

Kwa anayeanza, ni busara kushona machache ya saizi mbili tatu na kuyauza kama magauni ya kawaida yenye mwanya wa siri. Mshono wa pembeni ukiachiwa ziada ya sentimita 2 kila upande, nguo inaweza kupanuliwa au kupunguzwa. Mtoto akishaacha ziwa, mwanya unashonwa kwa dakika chache na mama anaendelea kulivaa. Hiyo ndiyo hoja ya kumwambia mteja anayesita kulipia nguo ya msimu.