Robo ya kampuni ni shilingi ngapi?

Tuchukue kampuni ya kusaga sembe mjini Morogoro, mfano tu wa kubuni. Ina wanahisa wanne wenye robo moja moja, na haina mkopo. Mmoja anataka kuondoka. Wenzake wako tayari kununua hisa zake, lakini hakuna soko la hisa litakalowatajia bei. Lazima ikokotolewe.

Mthamini huanzia kwenye faida, maana anayenunua kampuni inayofanya kazi ananunua kile itakachomletea kesho. Hesabu zilizokaguliwa zinaonyesha faida ya shilingi milioni 144 kabla ya kodi. Hapo bado kuna jambo la kuuliza. Mkurugenzi, ambaye ni mmoja wa wanahisa, anajilipa milioni moja kwa mwezi, ilhali meneja wa kuajiriwa angedai milioni tatu. Pengo hilo ni milioni 24 kwa mwaka, na si faida ya kweli. Ni jasho la mtu ambalo halijalipwa. Likiondolewa hubaki milioni 120, na baada ya kodi ya asilimia 30 hubaki milioni 84.

Faida hiyo huzidishwa kwa idadi ya miaka ambayo mnunuzi angekubali kusubiri fedha zake zirudi. Kwa kampuni ndogo inayotegemea watu wachache, mara nne si ajabu. Kampuni nzima inakuwa milioni 336, na robo yake milioni 84. Bila kurekebisha mshahara ule, kampuni ingefika milioni 403. Ndiyo maana ugomvi mwingi huwa juu ya faida ipi izidishwe, kuliko juu ya kuzidisha kwenyewe.

Anayeondoka atasema: na kiwanja je? Kwenye mizania mali zote, madeni yakiisha kutolewa, ni milioni 230. Lakini kiwanja kimeandikwa kwa bei ya zamani ya milioni 30, na leo kina thamani ya milioni 250. Hapo huongezeka 220. Mashine nazo zimeandikwa juu ya bei zake kwa milioni 30, na maduka yaliyokopa unga wa milioni 20 hayatalipa. Jumla ni milioni 400.

Kwa hiyo mali zina thamani kuliko biashara inayozitumia. Hilo ni onyo kwamba kiwanja hakileti faida inayolingana na bei yake. Hata hivyo wanaobaki hawakusudii kukiuza, na wakikiuza watalipa kodi. Njia ya mali huwa na nguvu zaidi pale kampuni inapofungwa, au inapokuwa ni ya kumiliki majumba na mashamba. Kosa la kuepuka ni kujumlisha milioni 336 na 400: kiwanja cha mashine ndicho kinachozaa faida ile, kwa hiyo kingehesabiwa mara mbili. Kiwanja kisichotumika ndicho kinachoweza kuongezwa juu.

Njia ya tatu hutazama fedha zitakazopatikana miaka ijayo na kuzishusha hadi thamani ya leo. Kwa kiwango cha asilimia 20, shilingi 100 ya mwakani ni kama 83 leo. Tuseme kampuni, ikishabadilisha mashine zilizochakaa, itabakiza milioni 60 mwakani, na kiasi hicho kitakua asilimia tano kila mwaka. Tunagawa 60 kwa 0.15, yaani 0.20 kutoa 0.05: milioni 400. Kiwango kikiwa asilimia 22, hushuka hadi 353. Kikiwa 18, hupanda hadi 462. Asilimia mbili tu! Kwa kinu kisicho na mpango wa biashara ulioandikwa, mimi ningeitumia njia hii kuhakiki jibu la kwanza, basi.

Kisha huja hoja inayouma: robo haimpi mtu mamlaka, kwa hiyo ipunguzwe. Punguzo la asilimia 30 lingeshusha milioni 84 hadi 58.8. Kwa mgeni anayenunua hisa chache hoja hiyo ina mantiki. Lakini katika kesi ya Uingereza ya O'Neill dhidi ya Phillips, mwaka 1999, Jaji Hoffmann alieleza kwamba ofa ya haki kwa mwanahisa mdogo aliyetendewa isivyo haki kwa kawaida humpa sehemu yake kamili, bila punguzo. Anayejiondoa kwa hiari yake hana uhakika huo, ila mkataba useme.

Basi fungueni katiba ya kampuni yenu na mkataba wa wanahisa. Kama hazisemi nani atamteua mthamini, thamani ipimwe kwa tarehe ipi, na kama punguzo litakuwepo, andikeni sasa, kabla hamjajua ni nani kati yenu atakayeondoka.