Sabuni iliyo bado fremuni ni shilingi ngapi?

Jioni ya mwisho wa mwezi, karakana ya sabuni za mche huwa na mali ya namna mbili. Ipo iliyokwisha kupigwa mhuri na kupangwa kwenye maboksi, na ipo iliyomwagwa kwenye fremu, laini bado, ukiibonyeza kwa dole gumba alama inabaki. Mwenye karakana akitaka kujua mche mmoja umemgharimu kiasi gani, hiyo ya fremuni ndiyo itakayompotosha.

Tuchukue mfano. Mwezi ulianza na miche 200 ambayo haijakamilika. Zikaanzishwa kazi za miche 1,800. Miche 1,500 ikakamilika, na 500 imebaki fremuni. Fedha zote, pamoja na zile zilizokuwa ndani ya miche 200 ya mwanzo, ni shilingi 3,560,000. Ukigawa kwa miche 1,500 unapata shilingi 2,373 kwa mche. Ukigawa kwa miche yote 2,000 unapata 1,780. Kama bei ya kuuzia ni 2,100, hesabu ya kwanza inamwambia anapata hasara na ya pili inamwambia anapata faida nono. Zote mbili ni za uongo.

Ukweli unaanzia kwenye sufuria. Mafuta ya mawese, kostiki na maji huingia siku ya kwanza, yote kwa pamoja. Mche ulio fremuni umekwisha kula malighafi zake zote, sawa kabisa na ule ulio kwenye boksi. Lakini ujira, umeme na kodi ya jengo huingia kidogo kidogo: kuchanganya, kumwaga, kukata, kugeuza kwenye chanja, kupiga mhuri. Tuseme hadi kumwaga, kazi iliyofanyika ni asilimia 30 ya kazi yote.

Kwa hiyo bidhaa zilezile zinahesabiwa mara mbili, kila gharama kwa hesabu yake. Kwa malighafi, 1,500 zilizokamilika na 500 za fremuni ni sawa na miche kamili 2,000. Kwa gharama za uchakataji, miche 500 yenye kazi ya asilimia 30 ni sawa na miche kamili 150, na jumla inakuwa 1,650. Hizi ndizo uniti linganifu: kazi iliyofanyika, ikipimwa kwa bidhaa nzima.

Malighafi zilikuwa shilingi 230,000 za mwanzo na 2,340,000 za mwezi huu, jumla 2,570,000. Gawa kwa 2,000, unapata 1,285. Uchakataji ulikuwa 45,000 za mwanzo na 945,000 za mwezi huu, jumla 990,000. Gawa kwa 1,650, unapata 600. Mche uliokamilika ni shilingi 1,885. Miche 1,500 imebeba 2,827,500, na ile ya fremuni imebeba 642,500 za malighafi na 90,000 tu za uchakataji. Jumlisha: 3,560,000, bila kupungua hata senti.

Wengi huuliza habari za ile miche 200 ya mwanzo. Ilikuwa imefikia asilimia 40, mbona hatuitoi? Kwa sababu njia ya wastani wa uzito imezichanganya fedha zake na za mwezi huu kwenye chungu kimoja. Fedha za kazi ya zamani zikiwa ndani, kazi yenyewe nayo lazima ihesabiwe. Nimeona watu wakitoa ile kazi ya zamani, miche kamili 80, huku fedha zake wameziacha juu. Uchakataji unagawiwa kwa 1,570 na kufika karibu 631, na ukigawa gharama kwa bidhaa, jumla inazidi fedha zilizotumika kwa kama shilingi 50,000. Kosa hilo linajitangaza lenyewe.

Lipo jingine lisilojitangaza, na ndilo ninaloliogopa. Msimamizi akiandika asilimia 60 badala ya 30, miche linganifu ya uchakataji inakuwa 1,800 na gharama inashuka hadi 550. Shilingi 75,000 zinahama kutoka kwenye sabuni iliyokamilika na kujificha fremuni. Iliyokamilika ikiwa imeuzwa yote, faida ya mwezi inapanda kwa kiasi hichohicho, na jumla inafunga vilevile, 3,560,000. Hakuna mkaguzi atakayeligundua kwa kukodolea macho karatasi.

Ndiyo maana siku ya kufunga hesabu naenda mwenyewe karakanani na kumwuliza fundi, "Hizi zimefika wapi?" Kisha nainama kuangalia. Kama waya wa kukatia haujaigusa sabuni, asilimia 60 haiwezi kuwa kweli, hata iwe imeandikwa kwa wino wa nani.