Neno la Herufi Tatu

Katika sura ya 53 ya kitabu cha Isaya, Mtumishi wa Mungu anateswa, anauawa na kuzikwa. Kisha mstari wa 11 unasema kwamba baada ya taabu yake ataona. Ataona nini? Maandishi ya Kiebrania tuliyorithi kutoka kwa Wamasoreti, wanakili wa Kiyahudi wa Zama za Kati, hayasemi. Wafasiri wakalazimika kuziba pengo wenyewe. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 ilitia neno mazao.

Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, ilikuwa na jibu: nuru. Ila ilikuwa rahisi kudhani kwamba mfasiri amejiongezea, kwani hapakuwa na nakala ya Kiebrania ya kumuunga mkono.

Mwaka 1948 ulimwengu ukaanza kusikia habari za magombo ambayo wachungaji wa Kibedui waliyakuta pangoni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Mawili yalikuwa ya Isaya. Kubwa lina urefu wa zaidi ya mita 7, na liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, yaani miaka elfu moja hivi kabla ya nakala kuu za Wamasoreti. Katika mstari ule, baada ya "ataona", limo neno la herufi tatu: alefu, vavu, reshi. Husomwa "or", nuru.

Gombo kubwa peke yake lisingetosha, maana mwandishi wake alizoea kubadili tahajia na kulainisha maneno magumu. Lakini gombo la pili, ambalo kwa kawaida hufuatana kwa karibu na maandishi ya Kimasoreti, hapa linayaacha na kuandika nuru. Baadaye vipande vya gombo jingine kutoka pango la nne vikatoa ushahidi uleule. Shahidi anayekubaliana nawe kila siku akikupinga mara moja, husikilizwa.

Neno lilipoteaje? Kitenzi "yireh", ataona, na "or" vyote vina alefu na reshi. Jicho la mnakili liliweza kuruka.

Maana nayo inabadilika. Kwa Kiebrania, kuona nuru ni kuwa hai. Kwa hiyo mstari waweza kudokeza kwamba aliyezikwa ataishi tena. Hapo ndipo wapinzani wanaposhikilia hoja yao: neno linalotua vizuri hivyo, wanasema, huenda liliongezwa na mnakili aliyekerwa na pengo lilelile linalotukera sisi. Wengine husoma kitenzi chenyewe kama "atashiba maji", kilingane na "ataridhika" kinachofuata.

Tafsiri nyingi za karibuni zimechagua nuru. Mjadala haujafungwa, ila hakuna tena anayeweza kusema kwamba neno hilo lilizaliwa kwa Kigiriki.